Beignet za Fadhila

Mama Zaina hajawahi kujua kukaa. Hata ukimwekea kiti kizuri kivulini, mguu wake utatikisika, macho yatahama kutoka jikoni kwenda barabarani, na kabla hujamaliza salamu ameshainuka kwenda kuchungulia moto. Ukitaka kuzungumza naye, mfuate. Nusu ya mji wa Kamina imeongea na mgongo wake.

Kazi yake ni beignet, yale maandazi ya mviringo ya ngano yanayouzwa asubuhi karibu na stesheni. Kila anayesubiri treni Kamina anazijua, na kwa kuwa treni ya Kamina inapenda kusubiriwa, hajawahi kukosa wateja. Mumewe, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni kama baba yake kabla yake, alifariki zamani. Beignet ndizo zilizowalea watoto wake wawili, maana Zaina ni jina lake mwenyewe: Ramazani, ambaye sasa ana duka Lubumbashi, na Fadhila, kitinda mimba.

Fadhila alikuwa mwembamba tangu shule. Tumbo linavimba, linaharisha, mdomo unatoka vidonda, na akipanda ngazi mbili moyo unamwenda mbio. Walimtibu minyoo, amiba, malaria na tifoidi, wakarudia tena minyoo. Mwishowe Ramazani akamwita Lubumbashi, na huko daktari akampima damu, akasema jambo ambalo kwao halikuwa limesikika: mwili wa Fadhila unapigana na ngano. Dawa hakuna. Aache ngano maisha yake yote, hata punje, hata makombo. Akiacha, utumbo utapona wenyewe pole pole.

Akaacha. Nyumbani kwa kaka yake alikula bukari, yaani ugali, ya mahindi na mihogo, wali, samaki, sombe ya majani ya muhogo, na mashavu yakarudi. Ramazani alituma picha, na Mama Zaina akaionyesha stesheni nzima. Kisha akapiga simu.

"Ramazani, unirudishie mutoto. Sasa amepona, akuje kwetu anone muzuri. Bibi mwenye ulioa anajua kukaanga mayai tu."

Ramazani akacheka, akamweka dada yake kwenye gari. Hivyo ndivyo Fadhila alivyorudi Kamina, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Fikiria mwenyewe: binti wa muuza beignet haruhusiwi kula beignet. Fadhila hakulalamika. Asubuhi mama yake akiondoka na beseni lake kichwani, yeye alipasha kiporo cha bukari akala na samaki.

"Mama, wacha tu. Bukari asubui haina mambo."

"Bukari asubui? Uko mugonjwa ao uko mulimaji? Mutoto wangu atakula beignet, na haitakuwa na ngano, na utaomba zingine."

Aliichukulia habari hiyo kama tusi alilotukanwa yeye binafsi. Kwanza alinunua sufuria mpya, kichungio kipya, beseni jipya na mafuta ambayo hayajawahi kuona ngano, akavifunga vyote kitambaa chekundu ili asije akavichanganya. Mbabula ya Fadhila, jiko lake la makaa, akaiweka upande wa pili wa uani, mbali na unga unaoruka. Beignet za Fadhila zingekaangwa kwanza, yeye akiwa bado na mikono misafi na kanga safi, ndipo aguse za biashara. Jirani yake Phébé, mwalimu wa shule ya Wamethodisti, alipouona mpango huo alisema hata hospitali haina utaratibu wa namna hiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa unga wa muhogo peke yake. Ulikuwa mweupe, laini, ukimdanganya mtu kuwa ni ndugu wa ngano. Aliukanda, akaviringisha vidonge vizuri, akavitia kwenye mafuta. Vikatulia kidogo, ngozi ikakauka juu, mvuke ukakosa pa kutokea, na kidonge kimoja kikapasuka kwa kishindo. Mafuta yakamrukia mkononi. Cha pili kikafuata. Mama Zaina akakimbilia nyuma ya mlango akipiga kelele, na Fadhila akacheka hadi akakaa chini. Vilivyobaki vizima vilikuwa vigumu nje na ndani vinavutika kama mpira.

Akahamia mahindi. Unga wa mahindi peke yake hauna kinachoushika. Kidonge kilipogusa mafuta kilisambaratika, sufuria ikajaa mchanga wa njano, na mafuta yote yakaharibika. Phébé akashauri mayai. Kwa mayai zilishikamana, ukizila zikiwa za moto unaweza kusema ahsante, lakini kufikia saa nne zilikuwa zimekauka kiasi kwamba Fadhila alipoangusha moja iligonga sakafu ikasikika.

Siku nyingine Phébé alileta pakiti ya semoule, ule unga wa chengachenga, ya njano kabisa.

"Hii njo dawa, Mama Zaina. Tunapika bukari nayo, ni mahindi."

Alikuwa ameshaichana alipogeuza pakiti kusoma namna ya kuipika. Akaivuta pakiti nyuma haraka.

"Blé," akasema. "Hii ni ya ngano. Kuko ya mahindi na kuko ya ngano, na rangi ni moja. Yesu wangu."

Tangu siku hiyo hakuna pakiti iliyoingia jikoni kwa Mama Zaina bila kusomwa na Phébé, mbele na nyuma, hadi maandishi madogo ya chini.

Dawa ilipatikana kwenye bukari yenyewe. Mama Zaina alikuwa akikoroga chakula cha jioni, na mahindi yalipofika pale yanapokuwa uji mzito unaonata kwenye mwiko, mkono wake ukasimama. Kumbe mahindi yanashika, mradi yaive kwanza! Akapika uji mzito kwa nusu ya unga, akauacha upoe, akatia nusu nyingine mbichi, muhogo kidogo, ndizi mbivu iliyopondwa, yai. Halafu, ili ziumuke, akaweka chachu. Akaacha hadi alfajiri, akachota kwa kijiko, akadondosha kwenye mafuta. Zikageuka zenyewe. Zikavimba, zikawa kahawia, na ndani zilikuwa na vishimo vidogo kama beignet ya kweli. Fadhila akala moja akiwa amesimama, akala ya pili, akanyoosha mkono apate ya tatu. Mama Zaina akaenda nyuma ya nyumba, akalia kidogo kwa furaha, akarudi akisema moshi umemwingia machoni.

Basi kila asubuhi Fadhila akawa na beignet zake. Na kila wiki akawa anapungua.

Ilianza na tumbo. Wakasema ni maji. Wakachemsha maji. Kisha vidonda vya mdomo vikarudi, kisha kile kizunguzungu cha zamani, na suruali alizorudi nazo kutoka Lubumbashi zikaanza kuhitaji mkanda. Mama Zaina hakupata usingizi wala utulivu. Alisugua masufuria kwa majivu, akahamisha mbabula mbali zaidi, akabadilisha mafuta, akaacha kutia kiungo chochote cha pakiti kwenye mboga, akaanza kuoga kila anaporudi stesheni. Aliwauliza wauza muhogo sokoni kama wamechanganya kitu, hadi mmoja akakasirika akamwambia akanunue kwingine. Na kadiri binti alivyodhoofika, ndivyo mama alivyozidi kumsukumia sahani: kula, mutoto wangu, hizi haziko na ngano, hizi nimepika mwenyewe kwa mkono wangu.

Sasa, watu wana macho. Wakaanza kufanya hesabu yao. Kwa kaka yake alinenepa. Kwa mama yake anakwisha. Émerence, wa nyumba ya kona, ambaye hajawahi kumeza neno maisha yake, alilisema kisimani Mama Zaina akiwa hatua chache nyuma yake: "Kuko bantu banakula batoto yabo bila kujua. Bulozi ingine mwenyewe hajui kama iko nayo." Wanawake wakageuka, wakamwona. Mama Zaina akajaza ndoo yake, akawasalimu wote kwa majina, akaondoka. Njiani maji yalimwagika nusu.

Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile akawa anaiangalia mikono yake.

Ndipo shangazi yake akafariki Bukama. Ilimbidi aende kwenye kilio. Alimwachia Fadhila samaki mkavu, unga wa bukari na mafuta ya mawese, akafunga biashara, na kitu kimoja tu akakipeleka kwa Phébé: kichungu kidogo cha udongo kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na chachu. Ilikuwa ya mama yake, aliyekuja nayo kutoka Kasongo enzi za ujana wake, na tangu hapo haijawahi kufa. Kila siku unachota konzi moja kuumulia donge jipya, na kila siku unarudisha kidogo. Levure, hamira ya dukani, Mama Zaina aliiita unga wa wavivu.

"Usiache ikufe," alimwambia Phébé. "Uifanye vile nilikuonyesha."

Kilio kilirefuka, treni ya kurudi ikaharibika njiani, na kwa jumla alikaa huko majuma kadhaa, zaidi ya alivyotaka. Mchana kutwa alikuwa mtu wa kuzunguka kando ya mto Lualaba, anapiga simu, mtandao haupatikani, anapiga tena. Hatimaye alirudi, amebeba kapu la samaki, miguu imevimba. Alisukuma mlango wa ua, akamkuta Fadhila anafua nguo huku anaimba.

Alikuwa na mashavu. Mdomo umepona. Alimkimbilia mama yake, akakimbia kweli, bila kushika kifua.

"Mama! Angalia, tumbo imetulia. Nakula vizuri, nalala vizuri."

Mama Zaina akamkumbatia, halafu akamwachia haraka, kana kwamba mikono yake ingemchafua. Hakuwa na muda hata wa kutua kapu. Juu ya ukuta kichwa cha Émerence kilikuwa kimeshatokea.

"Karibu, mama. Umeona mutoto? Ulitoka, akanona!"

Jioni hiyohiyo Ramazani akapiga. Fadhila alikuwa ameshamweleza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mama, sisemi mambo ya bantu. Nasema tu arudi huku kesho. Kuna kintu mu ile nyumba." Mama Zaina akajibu sawa. Fadhila akaanza kukunja nguo zake kwenye begi bila kumtazama mama yake, naye mama akatoka uani, akaingia, akatoka, akaenda kwa Phébé kuchukua kichungu chake, ili mikono ipate cha kushika.

"Iko muzima kabisa," Phébé akasema kwa fahari. "Lakini inakula, ile kintu! Nimemaliza farine yangu yote ya gato. Asubui farine, jioni farine, vile ulisema."

"Aksanti, mwalimu," Mama Zaina akajibu, akarudi nyumbani.

Alfajiri aliamka kama kawaida. Ilikuwa asubuhi ya mwisho, basi alitaka mtoto asafiri amekula. Uji wa mahindi ulikuwa umepoa kwenye beseni lenye kitambaa chekundu. Akatia muhogo, akaponda ndizi, akavunja yai. Zingechelewa kuumuka lakini si neno, zingekuwa ndogo. Akafunua kichungu, akachota konzi yake, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

Chachu ikavutika. Ilitoka kwenye kichungu kwa uzi mrefu, laini, haukatiki, kutoka kwenye vidole hadi ndani. Akauvuta zaidi. Ukarefuka. Mahindi hayavutiki hivi. Muhogo, hata ukiwa mpira, hauvutiki hivi. Alikuwa amepigana na unga mwingi kuitafuta tabia hii na hakuipata kwenye unga wowote, kwa sababu hii ni tabia ya ngano peke yake. Asubui farine, jioni farine, na farine ya gato ni unga wa ngano wa keki.

Kwake chachu ilikuwa chachu, kama chumvi ilivyo chumvi. Ilikuwa kitu cha mama yake, haikuwahi kuwa unga. Alikuwa ametenga sufuria, mafuta, mwiko, nguo, hadi hewa, halafu kila asubuhi ametia ngano kwa mkono wake mwenyewe katikati ya chakula cha mtoto. Na mtoto alikuwa amekula kwa utii, kwa sababu mama alisema hakuna.

Nje pikipiki ikapiga honi. Kapenda, kijana wa taksi, alikuwa amekuja kuchukua begi alipeleke kwenye gari la Lubumbashi. Fadhila akatoka chumbani amevaa vya safari, akamkuta mama yake amesimama katikati ya ua, mkono mmoja juu, uzi wa chachu unaning'inia.

"Mama? Kuko nini?"

"Ni hii."

"Nini, hii?"

"Hii njo ilikuwa inakugonjwesha. Iko ngano. Yote iko ngano, kutoka Kasongo mpaka leo. Nilikuwa natia mu beignet yako."

Fadhila akaangalia kichungu, akaangalia beseni lenye kitambaa chekundu.

"Kila siku?"

"Kila siku. Wakati nilikuwa Bukama, hakuna mwenye alikukaangia. Njo sababu ulipona."

Kapenda akapiga honi tena. Fadhila akakaa juu ya begi lake, pale pale mlangoni. Alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akafuta uso kwa mkono wa blauzi.

"Mama, unajua bantu banasema nini juu yako?"

"Najua. Nilisikia ku kisima."

"Minyi pia…" Akauvuta mkanda wa begi. "Minyi pia nilianza kuwaza vile. Jana, wakati nilikuwa nakunja nguo. Unisamee, mama. Niliwaza ya kama ni weye."

Mama Zaina alikaa chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo, alikaa chini kwenye udongo, mguu hautikisiki, mkono uliojaa chachu ameuweka mapajani.

"Hata minyi," akasema. "Minyi pia niliwaza ya kama ni minyi. Nilikuwa naangalia hii mikono, nauliza Mungu: kama niko mulozi bila kujua, unionyeshe, nitoke mu hii nyumba mutoto apone."

Fadhila alitaka kumshika mkono, na mama akauvuta haraka: "Usiguse! Iko ngano!" Wote wawili wakaangua kicheko, kile cha kuumiza mbavu, hadi Kapenda akazima pikipiki akachungulia kuona nani amekufa.

"Unaenda ao hauendi?" akauliza. "Gari haingojee."

"Siendi," Fadhila akasema.

Kapenda akalalamika kuhusu mafuta yake. Akapewa samaki mmoja wa Bukama, akanyamaza.

Kichungu kilirudi kwa Phébé siku hiyohiyo, na huko ndiko kinakoishi sasa. Mama Zaina hakuweza kukimwaga, na hakuna aliyemwomba. Donge la biashara anaumulia na kukaangia kwenye ua wa Phébé. Akimaliza ananawa hadi viwikoni, anabadilisha kanga, ndipo anavuka barabara kurudi kwake. Mchanganyiko wa ile asubuhi aliwapa bata wa Phébé pamoja na beseni lake. Mwiko wa mbao nao aliuchoma, kwa kuwa mbao inatunza unga kwenye nyufa, na siku hizi hataki kudanganywa na kitu kidogo.

Chachu mpya ikabidi izaliwe. Alikumbuka kuwa Kasongo ni nchi ya mpunga, na kwamba mama yake, kabla ya ngano na kabla ya stesheni, alikuwa akipika vitumbua. Akaloweka mchele, akausaga kwa jiwe lililosuguliwa mpaka likang'aa, akaupika kidogo kuwa uji, akachanganya na ule mbichi, akaacha kwenye chungu kipya uchache wenyewe. Siku ya kwanza haukufanya kitu. Ya pili ulinuka vibaya, akamwaga akaanza upya. Alikuwa akiamka kila mara kuchungulia, anafunua, anafunika, anafunua, hadi Fadhila akamwambia chachu ikichunguliwa hivyo itaona haya. Povu lilipotokea, dogo tu, pembeni mwa chungu, alimwita binti yake kana kwamba mgeni mkubwa amefika.

Vitumbua vya kwanza havikuvimba. Vilitoka bapa, vimeungua chini, ndani vina ubichi. Fadhila alikaa mlangoni, pale pale lilipokuwa begi, akauma kimoja. Mama Zaina akasimama mbele yake, mguu umeshaanza kutikisika tena.

"Iko namna gani?"

"Mbaya, mama. Iko kama sandale."

"Basi wacha, nitapika zingine kesho."

Fadhila alikuwa ameshachukua cha pili. Kichwa cha Émerence kikatokea juu ya ukuta.

"Ah, Fadhila! Walisema unarudi Lubumbashi. Haukuenda?"

Fadhila alitafuna pole pole, akameza, akajifuta mdomo.

"Sikuenda. Mama yangu eko anapika."